Mume karatasi zake zinasema virusi havionekani, mke amekutwa na maambukizi kliniki ya wajawazito: karatasi hizo zinathibitisha nini?

#1 Shemeji_wa_Uyole

Habari za jioni, wana jukwaa. Naandika kuhusu ndugu zangu wawili, mke na mume, na nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike.

Mume aligundulika kuwa na VVU mwezi Januari 2023 na akaanzishiwa TLD, dawa ya kufubaza virusi, siku hiyo hiyo. Mke alipimwa akakutwa hana, na Julai 2023 akapimwa tena akakutwa hana. Julai hiyo mume akachukuliwa damu ya HVL, yaani kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, na majibu yakarudi yameandikwa Target Not Detected, yaani virusi havionekani. Mtoa huduma akawaeleza kwamba akiendelea kumeza dawa kama anavyomeza, hatamwambukiza mwenzake. Wakaacha kondomu, kwa sababu walitaka mtoto. HVL nyingine ilichukuliwa Septemba 2024 na majibu yakawa yale yale. Novemba 2024 mke, akiwa na mimba ya miezi minne, amepimwa kliniki ya wajawazito na kukutwa ana maambukizi.

Sasa upande wa mume umekaa kikao. Wanasema karatasi mbili za hospitali zimeonyesha kwamba mtoto wao haambukizi, kwa hiyo mke ameyatoa nje ya ndoa, na wanataka arudishwe kwao Rungwe. Mke anaapa kwamba hajatoka nje. Mimi ni dada wa mke, lakini nataka kuujua ukweli hata kama hautatupendelea. Je, karatasi hizo zinathibitisha hayo wanayoyasema?

#2 Kabwe_Stendi

Pole sana, dada. Nitasema ninachokiamini bila kuzunguka. Wataalamu wametangaza kila mahali kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hawakusema huambukiza kidogo, wamesema haambukizi. Tukiukubali ukweli huo pale unapotufurahisha, tuukubali pia pale unapotuumiza. Karatasi mbili zinasema havionekani, na mke ana virusi, basi vimetoka kwingine. Sioni njia ya tatu.

#3 Mama_wa_Tukuyu

Naomba kuingia kwa sababu hili ndilo ninaloliishi. Mimi ninatumia dawa tangu 2014, mume wangu hana maambukizi, na tuna watoto wawili tuliowapata nikiwa kwenye dawa. Mume wangu hupima kila inapofika zamu yake na mpaka leo yuko salama. Kwa hiyo mimi sina sababu ya kuitilia shaka sayansi yenyewe.

Lakini katika maelezo ya dada kuna jambo moja ambalo ndugu Kabwe_Stendi amelipita haraka. Mimi namezea dawa yangu pale mezani baada ya taarifa ya habari ya usiku, na mume wangu ananiona. Nikisafiri kwenda Kyela kwenye mpunga, kopo linatangulia kwenye begi kabla ya nguo. Kinachomkinga mume wangu ni kile kidonge cha kila usiku, karatasi imekuja tu kuniambia kwamba kidonge kinafanya kazi. Je, huyu shemeji yako alikuwa anameza kila siku kati ya Julai 2023 na Septemba 2024? Nani anajua?

#4 Mpimaji_Mbeya

Ninafanya kazi maabara, na HVL ni sehemu ya kazi zangu za kila wiki. Mama_wa_Tukuyu ameligusa jambo lenyewe, nami naomba niliongezee.

Karatasi ya HVL inazungumzia siku moja tu, yaani siku ambayo damu ilitolewa mkononi. Si siku majibu yalipotoka wala siku mteja alipoyapokea. Mtu aliyekuwa havionekani mwezi Julai na akaendelea kumeza dawa vizuri, ataendelea kuwa hivyo Agosti, Septemba na kuendelea, na ndiyo maana kwa mtu mwenye ufuasi mzuri tunaridhika kumpima mara moja kwa mwaka. Akiacha dawa, karatasi ya Julai haimsaidii tena. Kwa watu wengi virusi huanza kuonekana tena kwenye damu ndani ya wiki mbili mpaka nne baada ya kuacha, na vinaweza kupanda kutoka sifuri mpaka maelfu ya kopi za virusi bila mwenyewe kuhisi dalili yoyote. Akirudia dawa, TLD inavishusha haraka, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Sasa tazama tarehe zako. Kati ya karatasi ya kwanza na ya pili kuna miezi kumi na minne. Katika kipindi hicho mtu anaweza kuacha dawa wiki kadhaa, virusi vikapanda, akarudia dawa, vikashuka, na bado karatasi zote mbili zikawa za kweli kabisa. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ninasema karatasi haziwezi kukataa kwamba ilikuwa hivyo.

Nina swali. Kwa utaratibu wetu, mteja mpya hupimwa HVL baada ya miezi sita ya dawa, halafu ya miezi kumi na miwili, ndipo inakuwa kila mwaka. Alianza Januari 2023. Damu ya Januari 2024 iko wapi?

#5 Ndugu_Ilomba

Samahani, mimi nimesoma swali na sijaelewa kitu kimoja. Kama mashine imetafuta virusi na haikuvipata, si maana yake huyo mume amepona? Kwa nini aendelee kubebeshwa makopo ya dawa, na kwa nini watu wanauliza kama alikuwa anameza? Kaka yangu naye alipewa majibu hayo hayo na amefanya sherehe.

#6 Mama_wa_Tukuyu

Ndugu Ilomba, mwambie kaka yako kwamba sherehe ni haki yake, lakini kopo asiliache. Virusi vinajificha ndani ya baadhi ya chembe za mwili ambako dawa haiviui. Dawa inavizuia visizaliane na kutoka kwenda kwenye damu. Ukiiondoa, vinatoka. Asiache hata wiki moja kwa kuamini kwamba amepona, hasa kama mke wake hana maambukizi.

#7 Shemeji_wa_Uyole

Asante, Mpimaji. Nimempigia mdogo wangu simu kumuuliza. Damu ya Januari 2024 haikuchukuliwa kwa sababu mume hakuwepo. Alikuwa Mufindi kwenye kazi ya mbao, aliondoka mwishoni mwa Novemba 2023. Kabla ya kuondoka alichukua dawa za miezi mitatu. Alirudi nyumbani Pasaka, akakaa wiki nzima na zaidi, na baada ya sikukuu akaenda kliniki kuchukua dawa nyingine. Anasema zilipomwishia kule alikuwa anaazimwa vidonge na mwenzake wa kambini.

#8 Mpimaji_Mbeya

Pasaka ya 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Dawa za miezi mitatu zilizotolewa mwishoni mwa Novemba zinaisha mwishoni mwa Februari. Kuna wiki tano hivi kati ya kidonge cha mwisho kwenye kopo lake na siku aliyoingia nyumbani, na wiki tano zinatosha kabisa kwa virusi kurudi. Kama aliazimwa kidonge kila siku, na kidonge chenyewe kilikuwa TLD, inawezekana hapakutokea chochote. Kama aliazimwa kimoja leo na kingine baada ya siku nne, habari ni tofauti. Je, siku aliyorudi kliniki baada ya Pasaka walimtoa damu?

#9 Shemeji_wa_Uyole

Hawakumtoa. Aliambiwa arudi siku nyingine kwa ajili ya kipimo, naye akarudi Mufindi. Damu imechukuliwa Septemba.

#10 Mpimaji_Mbeya

Inasikitisha sana, kwa sababu damu ya siku ile ndiyo pekee ambayo ingejibu swali la kikao. Mteja aliyechelewa kuchukua dawa kwa zaidi ya mwezi anarudi na mke asiye na maambukizi nyumbani. Hapo kliniki ilipaswa kumtoa damu, kuwarudisha kwenye kondomu mpaka majibu mapya yatoke, na kumpima mke. Mke angeweza hata kupewa PrEP, dawa ya kumkinga asiye na maambukizi, kwa kipindi hicho. Kama virusi vilipanda, Septemba vilikuwa vimeshashuka, na karatasi ya Septemba ni ya kweli, lakini haiwezi kuzungumza juu ya Pasaka.

#11 Mwalimu_Njombe

Nawasoma kwa makini, kwa kuwa mkoa wetu huu unaongoza nchini kwa maambukizi na mambo haya tunayakuta kila mtaa. Naona mnaliangalia suala kwa jicho moja tu la dawa zilizokatika. Yapo maelezo mengine ambayo hayahitaji mume awe ameacha dawa.

Mwaka 2008 madaktari wa Uswisi ndio waliotangaza kwa mara ya kwanza kwamba mtu aliye kwenye dawa haambukizi, na waliweka masharti matatu: awe anameza dawa kwa uaminifu na kufuatiliwa na daktari, virusi viwe havionekani kwa angalau miezi sita, na asiwe na ugonjwa mwingine wa zinaa. Watu wamelisahau sharti la tatu. Kisonono au kaswende husababisha vidonda na uvimbe kwenye via vya uzazi, na hapo virusi vinaweza kuwepo kwenye shahawa ingawa kwenye damu havionekani. HVL inapima damu, haipimi shahawa. Mtu aliyekaa kambini miezi minne anaweza kuwa amepata kisonono. Hivyo mume anaweza kuwa alimeza dawa zake zote na bado akaambukiza.

#12 Mpimaji_Mbeya

Mwalimu, historia yako ni sahihi na masharti umeyataja vizuri. Lakini mwaka 2008 wale madaktari walizungumza kwa tahadhari, kwa sababu takwimu zilikuwa bado chache. Baadaye ulifanyika utafiti wa PARTNER huko Ulaya. Katika sehemu yake ya kwanza, iliyochapishwa 2016, walifuatilia jozi 888 za wenza ambao mmoja ana VVU yuko kwenye dawa na mwingine hana, nao walikuwa hawatumii kondomu. Walihesabu takriban mara 58,000 za kujamiiana bila kondomu. Maambukizi yaliyotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimefubazwa yalikuwa sifuri. Sehemu ya pili, iliyotoka 2019 kwa wenza wa kiume, ikarudisha jibu lile lile. Ndani ya wenza hao walikuwemo watu waliopata magonjwa ya zinaa wakati wa utafiti, na bado jibu lilikuwa sifuri.

Ni kweli virusi vimewahi kuonekana kwa kiasi kidogo kwenye shahawa za mtu ambaye damu yake ni safi. Lakini kuonekana kwenye kipimo ni jambo moja na kuambukiza ni jambo jingine. PARTNER haukupima shahawa. Uliangalia kama mwenza ameambukizwa au la, na hilo ndilo tunalolitaka kulijua. Kisonono bado kinaweza kumpata mke, na kondomu bado ina kazi yake huko. Lakini kukifanya kisonono kuwa sababu ya VVU katika kisa hiki, sioni ushahidi.

#13 Mwalimu_Njombe

Nimekuelewa, Mpimaji, lakini wale wa Ulaya walikuwa wanapata matibabu ya magonjwa ya zinaa mapema. Kambini mtu anakaa na kisonono miezi miwili kwa kuona aibu. Sijaridhika kwamba hali hizo mbili ni sawa, na nitaliacha hapo.

#14 Kabwe_Stendi

Mpimaji umeutaja PARTNER, nami nimeusoma. Hukutuambia kwamba katika sehemu ile ya kwanza walikuwepo wenza kumi na mmoja waliopata VVU wakati utafiti unaendelea. Kumi na mmoja! Na virusi vyao vilipochunguzwa vilikutwa ni vya watu wengine kabisa, havikuwa vya wenza wao. Maana yake ni ile ile niliyoisema pale juu kwenye #2.

#15 Mpimaji_Mbeya

Umesoma vizuri, Kabwe_Stendi, na hoja yako haipuuzwi. Lakini angalia walijuaje. Walichukua virusi vya mwenza mmoja na vya mwingine, wakalinganisha vinasaba vyake. Hawakukaa kikao wakasema karatasi ya mume ni safi, basi mke ametoka nje.

Halafu upo utafiti mwingine, HPTN 052, uliofanyika katika nchi kadhaa zikiwemo jirani zetu Malawi na Kenya. Huko wapo waliopata maambukizi kutoka kwa wenza wao waliokuwa tayari wameanza dawa. Walikuwa wanane tu. Walipofuatilia, wanne walipata pale mwanzoni, kabla dawa haijavishusha virusi, na wanne walipata baada ya dawa kushindwa na virusi kupanda tena. Hakuna hata mmoja aliyepata kutoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa wakati huo. Kwa hiyo njia ya tatu uliyosema huioni ipo, ndugu yangu, na inapita Mufindi.

#16 Fundi_Mbao_Mafinga

Nimesikia Mufindi inatajwa, nami nipo huku karibu na msitu wa Sao Hill. Kabwe_Stendi anafikiri kwa hesabu ya stendi, kwamba basi limetoka saa kumi na mbili na litafika saa nne. Kambini hesabu haziendi hivyo.

Tunalala wengi kwenye banda moja la mabanzi. Mtu mwenye dawa hapendi kopo lionekane, kwa sababu likitikisika linalia na kila mtu anaijua sauti yake. Kwa hiyo wengi huvimimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni au kwenye chupa ya dawa nyingine, na mvua za Januari zikipita kwenye bati, vidonge vinalowa na kuharibika. Mwenye navyo hawezi kusema kwamba vimeharibika, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba alikuwa navyo. Kuazimana kupo, lakini ni kwa siri, na anayeazima naye anahesabu vyake. Sijawahi kuona mtu akiazimwa vidonge vya mwezi mzima.

Jambo la pili, huku wengi wanalalamikia kiungulia kwa sababu ya ugali wa usiku na pombe, na wanatafuna vile vidonge vya magnesiamu kila jioni. Niliwahi kuambiwa kliniki kwamba haviendani na dawa. Je, ni kweli?

#17 Mpimaji_Mbeya

Ni kweli, na nashukuru umelileta. Dolutegravir iliyomo kwenye TLD hunaswa na magnesiamu, alumini, kalsiamu na madini ya chuma tumboni, na ikinaswa haiingii kwenye damu inavyotakiwa. Kwa vidonge vya kiungulia, TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito vinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa mtu anakula chakula wakati huo huo, la sivyo vitenganishwe vivyo hivyo. Mdogo wake Shemeji_wa_Uyole azingatie hilo, kwa kuwa sasa atakuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo hata mtu aliyemeza kila siku anaweza kuwa na dawa pungufu mwilini, ingawa mimi binafsi naona mwezi mmoja bila kopo una uzito mkubwa kuliko kiungulia. Na kama mume aliwahi kutibiwa kifua kikuu katika kipindi hicho, naomba mtueleze, kwa sababu rifampisini ya kutibu kifua kikuu hushusha dolutegravir na mgonjwa hutakiwa kuongezewa kidonge cha pili kwa siku.

#18 Muuguzi_Mstaafu_Iringa

Kamweneeni. Nimesoma uzi mzima, na kinachonisumbua ni kwamba mnamjadili mume kwa posti kumi na saba, na mwenye mimba ametajwa kwa madini ya chuma tu.

Dada Shemeji_wa_Uyole, mdogo wako ameanza dawa? Kama maambukizi yake ni ya mwaka huu, virusi vyake vinaweza kuwa vingi sana sasa hivi, na ana miezi mitano kabla ya kujifungua. Aanze TLD leo kama hajaanza. Kabla ya dozi ya kwanza apimwe upya na mtoa huduma mwingine kwa sampuli nyingine, kwa sababu utaratibu unataka majibu yahakikiwe, na nimewahi kuona kadi mbili zikibadilishana meza. Karibu na kujifungua apimwe HVL. Mtoto atapewa dawa ya kinga tangu anapozaliwa na atapimwa.

Msichanganye pia kinga ya kitandani na kinga ya mtoto. Mama ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mume wake. Kwenye kunyonyesha hatari inashuka sana, lakini hatuwezi kusema ni sifuri. Ndiyo maana mtoto anaendelea kupimwa mpaka baada ya kuacha kunyonya.

#19 Shemeji_wa_Uyole

Asante, mama. Amehakikiwa kwa kupimwa mara ya pili na ameanza TLD wiki iliyopita. Hajawahi kusikia mume akitibiwa kifua kikuu.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, kuna kipimo cha kuonyesha mdogo wangu aliambukizwa lini? Na kile cha kulinganisha virusi tunaweza kukipata Mbeya?

#20 Mpimaji_Mbeya

La kwanza, kipo kipimo kinachokisia kama maambukizi ni ya karibuni, lakini kinatumika zaidi kwa kufuatilia hali ya maambukizi katika jamii kuliko kumhukumu mtu mmoja, kwa sababu kinaweza kukosea. Hata kikisema ni ya karibuni, kinazungumzia miezi kadhaa kwa ujumla, hakitaji wiki ya Pasaka.

Kinachosaidia zaidi ni vile vipimo vyake vya nyuma. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, nazo zinaweza kuchukua mpaka miezi mitatu kuonekana. Alikutwa hana Julai 2023, kwa hiyo tuna uhakika hakuwa ameambukizwa mpaka mwezi wa nne wa mwaka huo. Kuanzia hapo mpaka Novemba 2024 hakuna kipimo kinachotupa uhakika. Huo ni mwaka mmoja na nusu, na ndani yake ipo Pasaka, yapo pia maisha yake mengine yote ambayo sisi hatuyajui.

La pili, kulinganisha vinasaba si huduma ya kliniki zetu, ni kazi ya watafiti. Na hata virusi vikifanana, hiyo haitoshi kuonyesha nani alimpa nani, kwa sababu wote wawili wanaweza kuwa wamevipata kwa mtu wa tatu.

#21 Muuguzi_Mstaafu_Iringa

Muulize kama aliumwa homa mwezi wa nne au wa tano 2024. Wengi, ingawa si wote, hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba shingoni au vipele wiki mbili mpaka nne baada ya kuambukizwa, na hutibiwa kama malaria.

#22 Shemeji_wa_Uyole

Aliumwa. Nakumbuka nilimpelekea uji, ilikuwa kabla ya Mei Mosi. Alipimwa malaria haikuonekana, akapewa dawa ya koo. Lakini mwezi huo huku Uyole baridi ilikuwa imeanza na nusu ya mtaa tulikuwa tunakohoa, hata watoto wangu.

#23 Kabwe_Stendi

Koo la baridi haliwezi kuwa ushahidi, na mwenyewe umekiri. Nakubali sasa kwamba karatasi mbili peke yake hazitoshi kumfukuza mtu. Sikubali kwamba zimemsafisha. Na kuna watu kwenye kikao watakaosema kwamba mke ana kundi la damu O na kundi hilo haliambukizwi kirahisi, kwa hiyo isingewezekana kwa wiki moja ya Pasaka. Hilo mnalijibuje?

#24 Mpimaji_Mbeya

Kundi la damu halimkingi mtu na VVU. Waambie walitoe kabisa kwenye mazungumzo.

Kuhusu wiki moja, ni kweli kwamba si kila tendo linaambukiza, hata virusi vikiwa juu. Wapo wenza waliokaa miaka bila kuambukizana, na wapo walioambukizana mara moja. Lakini kadiri kopi zinavyokuwa nyingi ndivyo hatari inavyopanda, na virusi vinaporudi baada ya kuacha dawa vinaweza kufika juu sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lililiweka wazi: visipoonekana hatari ni sifuri, vikionekana lakini visizidi kopi 1,000 hatari inakaribia sifuri, vikizidi hapo mtu anaweza kuambukiza. Swali lenu lote ni mume alikuwa upande gani wa mstari huo tarehe 31 Machi, na hakuna aliyempima.

#25 Wakili_Soweto

Naongeza jambo moja la kisheria. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyegundulika kumjulisha mwenza wake na kuchukua hatua za kumkinga. Haimtaki kuujulisha ukoo. Majibu ya mke ni siri yake na hakuna kikao chenye haki ya kuitisha kadi yake. Mume akitaka kuonyesha kadi yake mwenyewe, hiyo ni hiari yake.

#26 Shemeji_wa_Uyole

Mume ameamua kuionyesha yake, na nimeiona kwa macho yangu leo mchana. Tarehe ya kurudi iliyoandikwa ni 19 Februari 2024. Tarehe aliyohudhuria ni 8 Aprili 2024. Pembeni mtoa huduma ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja, amechelewa. Baba yao aliishika kadi kwa muda mrefu, akauliza mara mbili kama 8 Aprili ni baada ya Pasaka. Kikao kimeahirishwa mpaka Jumapili. Mume bado anasema aliazimwa vidonge, na mwenzake huyo wa kambini simu yake haipatikani.

Wanauliza jambo moja zaidi. Sasa wote wawili wako kwenye dawa, kondomu zinahitajika tena?

#27 Muuguzi_Mstaafu_Iringa

Kwa sasa watumie. Mke ndiyo kwanza ameanza dawa, na mume hatujui kama kile kipindi cha kukatika kimemwachia usugu wowote, ingawa majibu ya Septemba yanatia moyo na dolutegravir haishindwi kirahisi. Mume apimwe HVL sasa, asisubiri Septemba nyingine. Mke naye akishapimwa na virusi visionekane, watazungumza upya na mtoa huduma wao. Na kabla mume hajarudi Mufindi aombe dawa za miezi sita au barua ya kuchukulia kituo cha huko, kwa maana vituo vya Mafinga vinapokea wateja wa muda kila msimu.

#28 Fundi_Mbao_Mafinga

Ni kweli, vinapokea. Aje na kadi yake, na kama hataki kuonekana na watu wa kambi yake aniandikie pembeni, nitamweleza siku ambazo foleni ni ndogo.